Afisa madai anapohamia kwa dalali wa bima: barua ya kuacha kazi na mafaili aliyoyaacha wazi

Hapa Tabora malalamiko ya aina moja yanazidi: mteja anafika kaunta kufuatilia dai lake, anaambiwa afisa aliyekuwa akilishughulikia ameacha kazi. Mwingine huondoka akiamini faili lake limehamia kwa dalali pamoja na afisa huyo. Si kweli. Faili ni la kampuni ya bima, na dalali hana mamlaka ya kuamua dai.

Kwa afisa anayeondoka, barua si ombi, wala haisubiri ridhaa ya meneja, ni notisi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinataka itolewe kwa maandishi, na kwa anayelipwa kwa mwezi isipungue siku 28. Ukiikabidhi tarehe 2 Juni, siku yako ya mwisho ni 30 Juni. Notisi haitolewi ukiwa likizoni, wala siku zake haziendi sambamba na likizo. Ukikataa kufanya kazi katika kipindi hicho, mwajiri anaweza kukata kwenye stahiki zako kiasi ambacho ungelipwa kwa siku hizo. Hili tunalieleza kila mara, na bado watu wanaaga kwa ujumbe wa simu.

Kwenye barua taja wazi kwamba unakwenda kwa dalali, kwa sababu huenda dalali huyo anawawakilisha wateja ambao madai yao yako mezani kwako. Meneja akijua, atayahamisha madai hayo kwa afisa mwingine siku hiyohiyo.

Orodha ya mafaili iambatanishwe na barua. Kuandika "dai linaendelea" hakumsaidii anayepokea. Chukua mfano wa Fuso iliyogongwa barabara ya Nzega. Makisio ya gereji ni shilingi 9,400,000, na mkataba unamtaka mteja abebe asilimia 10 ya hasara, yaani 940,000. Akiba iliyotengwa kwa dai iwe 8,460,000. Andika kwamba ripoti ya polisi imeshapokelewa, kwamba picha za chesisi bado, na nani aliombwa azilete, lini. Kisha andika lile linalosahaulika kuliko yote: ulimwambia nini mteja kwa mdomo. Kama ulimwambia kwenye simu kwamba kioo cha mbele kitalipwa, na hakuna karatasi inayoonyesha hivyo, mrithi wako atakikataa, na mteja ataona amedanganywa. Afisa anayepokea asaini kila faili baada ya kulifungua, si orodha tu.

Usibebe nakala, picha wala namba za simu za wateja. Hizo ni taarifa binafsi, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Nawe mteja, omba namba ya dai na jina la afisa mpya. Ukitaka dalali akufuatilie, mpe idhini ya maandishi, na nakala uilete kwenye kampuni ya bima. Bila hiyo hatutamjibu, hata kama jana alikuwa mwenzetu.