Nyoka wa vichwa viwili uani kwa nyanya: dhana potofu na ukweli

Kiumbe hicho kilionekana chini ya mgomba uliooza, nyuma ya jiko la nyanya yake Wakio, karibu na Wundanyi katika Milima ya Taita. Kilikuwa na urefu wa shibiri moja hivi, chembamba kama kidole cha mtoto, cheusi kinachoelekea buluu, na ncha zake mbili zilifanana. Nyanya alikuwa amekwisha kuinua jembe. Wakio, aliyekuja kutoka Mombasa kwa likizo, alimsihi asubiri, akapiga picha tatu upesi upesi kwa simu ya mama yake kisha akamtumia mjomba wake anayefundisha biolojia katika shule ya sekondari. Chini yake aliandika: "Shikamoo mjomba. Nimepata nyoka wa vichwa viwili."

Mjomba aliitikia salamu, akaandika: "Jina tuliache kwanza. Niambie umeona nini." Picha hazikuweza kumsaidia, kwa sababu Wakio alikuwa ameisogeza simu karibu mno hata kamera ikashindwa kulenga, na kilichoonekana ni mstari mweusi wenye ukungu. Alimwelekeza amweke mnyama katika beseni lenye udongo mbichi, alifunike kwa jani la mgomba na kuliacha kivulini, mpaka yeye mwenyewe afike jioni.

Dhana: ni nyoka, na ana vichwa viwili

Wanaosema hivyo wana sababu. Mkia wa mnyama huyu ni butu, macho hayaonekani kwa nje, tena anaweza kurudi kinyumenyume ndani ya shimo lake, kwa hiyo mtu akitazama mwendo tu hawezi kuwa na hakika kichwa kiko wapi. Kinachomaliza ubishi ni mdomo, na mdomo uko upande mmoja tu.

Jioni hiyo mjomba alilowesha mikono kwa maji safi, akamlaza mnyama kwenye jani bichi kando ya rula ya shule. Safari hii Wakio aliiweka simu mbali kidogo, akasubiri ilenge, akijua kwamba picha iliyo wazi inaweza kukatwa baadaye ili sehemu ndogo ionekane kubwa. Alipiga mwili mzima, kichwa kutoka juu, kichwa kutoka ubavuni, tumbo, na ncha ya nyuma. Picha ya ubavuni ndiyo iliyosema mengi: taya la chini lilikuwa fupi kuliko la juu, na ngozi ilikuwa tupu, yenye utelezi, bila gamba hata moja lililoonekana. Nyoka kipofu, ambaye pia huishi udongoni na huchanganywa naye, ana magamba madogo yanayong'aa na yanayopandana, na ulimi autoao nje mara kwa mara. Huyu hakuwa na hata kimoja cha hivyo.

Huyu ni amfibia, wa ukoo mmoja na vyura, ila hana miguu na maisha yake hupita chini ya ardhi. Wanasayansi humwita *Boulengerula taitana*, na hapatikani kwingine duniani ila Milima ya Taita. Badala ya kutegemea macho, ana kipapasio kidogo kila upande wa uso, kinachomsaidia kunusa na kugusa njia yake gizani.

Dhana: basi ni nyungunyungu mkubwa

Hili lilikuwa wazo la pili la Wakio alipoona pete zilizozunguka mwili, na mjomba hakumkatalia kwa maneno. Alichimbua nyungunyungu palepale, akamlaza kando. Nyungunyungu alijivuta akawa mrefu na mwembamba, kisha akajikusanya akawa mfupi na mnene. Mwenzake alipinda na kujisukuma, lakini urefu wake kwenye rula haukubadilika sana, kwa kuwa ndani yake mna uti wa mgongo. Nyungunyungu pia hana taya wala meno, na akikomaa huwa na mshipi mnene karibu na upande wa kichwa. Kwa kweli mmoja ni chakula cha mwingine: nyungunyungu na mchwa ni miongoni mwa vitu ambavyo amfibia huyu huvila. Dakika chache zilitosha, naye akarudishwa kwenye udongo mbichi, maana hupumua pia kwa ngozi na ngozi ikikauka anaweza kufa.

Dhana: ana sumu, heri auawe

Nyanya alilishikilia hili kuliko yote, na hakuwa mtu wa kubishiwa na mjukuu. Jibu la haki ni kwamba hakuna madhara yanayojulikana kwa binadamu kutokana na mnyama huyu. Ngozi yake hutoa ute unaoweza kuwasha machoni au kwenye kidonda, kwa hiyo anayemshika anawe mikono. Mwaka 2020 watafiti waliripoti kuwa jamaa yake wa Amerika Kusini ana tezi kwenye mizizi ya meno zinazofanana na tezi za sumu, lakini hilo halimgeuzi wa Taita kuwa hatari kwa mkulima. Nyanya alikubali nusu: hatamuua, ila hatamshika.

Dhana: wale weupe wadogo ni funza wanaomla mzoga

Siku chache baadaye ni nyanya aliyemwita Wakio. Chini ya gogo jingine alikuta mnyama wa aina ileile, mwenye rangi iliyopauka, amejikunja, na juu yake vitu vyembamba vyeupe vikitambaa. Nyanya alisema huyo amekwisha kufa na ameingia funza. Wakio hakuinua kitu wala kugusa. Alichuchumaa, akapiga picha, akaendelea kutazama hadi mnyama akageuza kichwa. Alikuwa hai.

Hao walikuwa watoto wake, na kweli walikuwa wakimla, lakini ngozi ya juu tu. Mama wa spishi hii hutaga mayai udongoni na kukaa nayo. Watoto wakitoka, ngozi yake ya nje huwa imenenepa na kujaa mafuta, nao huibandua kwa meno maalumu ya utotoni, kisha ngozi hujijenga tena. Ugunduzi huo ulichapishwa mwaka 2006, na ulifanywa kwa wanyama wa milima hiyohiyo. Gogo lilirudishwa taratibu mahali pake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo picha bora ya Wakio, ingawa mtoto mmoja ametoka nje ya fremu.

Dhana: tusichokijua sisi hakijulikani na yeyote, na picha yatosha kukitambua

Wakio alitamani awe amegundua spishi mpya. Matumaini hayo si ya ajabu: katika kilima cha Sagalla, karibu na Voi, jamaa wa mnyama huyu mwenye rangi ya kahawia alipewa jina la kisayansi mwaka 2005 tu. Lakini rangi hubadilika pichani kulingana na mwanga, kwa hiyo mahali palipopigwa picha pana uzito mkubwa katika kutofautisha wale wawili. Picha ikitumwa kwa programu za ujumbe, mara nyingi tarehe na mahali vilivyohifadhiwa ndani yake hupotea. Mjomba alimwambia aviandike daftarini: kijiji, tarehe, saa, hali ya udongo, urefu kwa rula, na kile alichokuwa amejificha chini yake. Kuhusu jinsia, Wakio aliandika "dume" kwa yule wa kwanza kwa sababu hakuwa na watoto. Mjomba alimuuliza ameliona wapi hilo, naye akalifuta.