Sumu ya mtama mchanga: kwa nini ng'ombe mwenye njaa hufa shambani

Ukimwuliza mfugaji kuhusu mimea yenye sumu malishoni, atakutajia mnanaha au mbarika. Hiyo ina sumu mwaka mzima, na ng'ombe aliyeshiba huinusa akaipita. Sumu inayoua mifugo mingi kwa mkupuo mara nyingi inatoka kwenye jani ambalo ng'ombe analipenda na mwenyewe amelipanda: mtama ukiwa bado mchanga, au maotea yanayochipua kwenye mabua ya zamani mvua zinapoanza. Sumu yenyewe inaitwa sianidi.

Jani la mtama likiwa zima shambani halina sianidi huru. Lina kemikali iitwayo durini, na kando yake, katika sehemu nyingine za jani hilohilo, kuna vimeng'enya vya kuivunja. Vitu hivi viwili havikutani mpaka jani lipondwe kwa meno, likanyagwe au linyauke kwa jua kali. Vikikutana, sianidi inatoka. Tumbo la kwanza la ng'ombe, mbuzi na kondoo huharakisha kazi hiyo, kwa sababu lina maji, joto na vijidudu vinavyovunja durini. Ndiyo maana wanyama wanaocheua hudhurika upesi kuliko nguruwe, ambaye asidi ya tumbo lake inapunguza kasi hiyo.

Durini hujaa zaidi kwenye majani machanga na machipukizi, na huzidi mmea unapodumaa kwa ukame kisha ukapata mvua ukaanza kusukuma majani mapya. Katikati ya Tanzania, kama Dodoma na Singida, hali hiyo inajulikana: mvua inaanza, mtama unaota, kisha jua linakausha wiki kadhaa kabla mvua haijarudi. Mtama wa namna hiyo huwa mfupi, kijani iliyokolea, na unavutia kuliko nyasi zote za jirani.

Sasa hesabu kidogo. Sianidi ya miligramu 2 hivi kwa kila kilo ya uzito inatosha kumwua ng'ombe. Ng'ombe wetu wa asili wa kilo 250 atahitaji miligramu 500. Majani mabichi yakiwa na miligramu 200 kwa kilo, basi kilo mbili na nusu zimetosha. Kuna mtama unaozidi hapo.

Lakini njaa ndiyo inayoamua. Ini la ng'ombe lina uwezo wa kuibadilisha sianidi kidogokidogo ikawa kitu kisicho na madhara, ikatoka kwa mkojo. Ng'ombe aliyeshiba nyasi kavu akichuma jani hapa na jani pale siku nzima anaweza kula kiasi hichohicho na asianguke. Ng'ombe aliyeshinda njaa, tuseme anarudi kisimani saa saba mchana baada ya kutembea tangu alfajiri, akivunja uzio wa shamba hatachagua. Atafyeka kilo mbili na nusu kwa muda usiofika nusu saa, na ini halitawahi. Tena mara nyingi wa kwanza kuanguka ni wale wenye nguvu waliotangulia kuingia na kula majani mengi.

Dalili huanza ndani ya dakika kumi au kumi na tano. Ng'ombe anahema haraka na kwa nguvu, mate yanamtoka, misuli inatetemeka, anayumba kama mlevi, anaanguka na kurusha miguu. Mfunue mdomo utazame fizi, au geuza kope: utando utakuwa mwekundu sana, mwekundu wa kung'aa. Hapo ndipo penye siri ya ugonjwa huu. Sianidi haizuii damu kubeba oksijeni. Inazuia seli za mwili kuitumia. Damu inazunguka imejaa oksijeni ambayo hakuna wa kuipokea, na mnyama anakufa kwa kukosa hewa huku damu yake ikiwa nyekundu kupita kawaida.

Rangi hiyo iangalie vizuri kabla ya kumpigia daktari wa mifugo, na umwambie ulichokiona. Mtama uliopigwa na ukame hukusanya pia naitreti, hasa sehemu ya chini ya shina. Naitreti nayo huleta kuhema na kuanguka, lakini damu inakuwa ya kahawia, kama chokoleti, na fizi zinafifia kuelekea kahawia au buluu. Tiba zake hazifanani. Sianidi hutibiwa kwa sodiamu thiosalfeti ya mshipani, na baadhi ya madaktari hutanguliza sodiamu naitraiti. Naitraiti hiyo ukimpa ng'ombe mwenye sumu ya naitreti unammalizia, maana naitreti ikifika tumboni hugeuka naitraiti, na ndiyo inayoharibu damu yake. Yeye anahitaji methilini buluu.

Kuhusu kiasi, thiosalfeti inayotakiwa si chupa ndogo. Ni miligramu 500 au zaidi kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 125 kwa ng'ombe wetu wa kilo 250, pamoja na gramu 30 za kunywesha ili kuinasa sianidi iliyobaki tumboni. Mtaje daktari idadi ya walioanguka ili abebe ya kutosha.

Wakati unamsubiri, toa kundi shambani polepole, bila fimbo, bila kelele na bila kukimbiza. Naelewa hofu ya mtu anayeona ng'ombe wake wanaanguka, lakini kila hatua ya mbio inadai oksijeni ambayo mwili hauwezi kuitumia, na wapo wanaofia njiani ambao wangesimama wakapona. Wapeleke kivulini, wape nyasi kavu wale ambao bado wazima. Aliyeanguka mlaze kwa kifua, asilale ubavu. Usimnyweshe maziwa, mafuta wala maji ya majivu: anayeyumba hamezi vizuri, kinywaji kinaingia mapafuni. Aliyevuka saa mbili tangu dalili zianze, mara nyingi anapona.

Aliyekufa usimchune wala usimpasue mpaka daktari aseme. Kifo cha ghafla malishoni kinaweza kuwa kimeta, ambacho huua hata binadamu. Damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au njia ya haja, kaa mbali, zuia mbwa wasiuguse mzoga, toa taarifa. Kimeta kikishaondolewa kwenye shaka, daktari huchukua sampuli ya kilichomo tumboni, mapema, kwenye chombo kilichojazwa mpaka juu na kufunikwa kwa nguvu, kisha kinagandishwa. Sianidi ni gesi na ikipata nafasi inatoroka, maabara isione kitu. Wewe mng'olee mashina kadhaa ya mtama ule uliolika.

Mtama uliobaki shambani hauna haja ya kuchomwa. Usiingize ng'ombe mpaka upite magoti ya mtu mzima, sentimita 60 kwenda juu, na aina ndefu za malisho subiri sentimita 75. Maotea yaliyochipua baada ya mvua yahesabiwe kama mtama mchanga, hata kama mabua yanayoyabeba ni marefu. Ukiukata na kuuanika mpaka ukauke kabisa, sehemu kubwa ya sianidi huondoka. Naitreti haiondoki kwa kukausha, kwa hiyo mtama uliodumaa sana upimwe kabla ya kulishwa hata ukiwa mkavu. Na siku ya kwanza ya kuwaingiza, wape kwanza mabua makavu au nyasi asubuhi mpaka matumbo yajae, halafu waache shambani saa moja tu, ukiwa umesimama unawatazama wanavyohema.