Gharama Halisi ya Ukurasa Mmoja: Katriji Mpya, Wino wa Kujazia na Tona ya Leza

Gharama halisi ya ukurasa ni fedha zote ulizotoa ili printa iendelee kuchapa, zikagawanywa kwa idadi ya kurasa ulizozishika mkononi zikiwa zinafaa kutumika. Maneno yenye uzito hapa ni mawili, “zote” na “zinafaa”, kwa sababu hesabu ambayo wengi wetu huifanya dukani huyaacha yote mawili. Tunaichukua bei ya katriji, tunaigawa kwa idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi, kisha tunaamini jibu tulilolipata.

Idadi hiyo ya boksi haikubuniwa tu. Kwa katriji za wino hupimwa kwa kufuata kiwango cha ISO/IEC 24711, na kwa tona nyeusi ya leza hufuatwa ISO/IEC 19752. Printa hupewa kurasa za majaribio zilizokwisha pangwa, ikachapa mfululizo hadi wino au tona iishe. Kwa tona nyeusi, ukurasa huo wa majaribio hufunikwa kwa rangi takribani asilimia 5 tu ya eneo lake, yaani ni barua fupi yenye nafasi kubwa nyeupe. Ukichapa kurasa zilizojaa maandishi kwa asilimia 10, tona ileile itakupa karibu nusu ya kurasa zilizotajwa. Kwa printa ya wino kuna jambo lililo zito zaidi ya hilo, nalo ni neno “mfululizo”, kwani nyumbani hakuna anayechapa mfululizo hadi katriji ikauke.

Tuchukue mfano wa mtu anayechapa kurasa nyeusi 20 kwa wiki, yaani karibu 1,000 kwa mwaka. Bei nitazitaja kwa “sarafu”, ambayo msomaji ataibadilisha kwa fedha yake, na gharama nitaitaja kwa kila kurasa 100 ili tusihangaike na desimali. Namba zenyewe ni za mfano, ila uwiano wake ni wa kawaida kwa mashine ndogo. Karatasi naiacha nje kwa kuwa ni ileile kwa njia zote tatu.

Katriji mpya inauzwa sarafu 60 na boksi linasema kurasa 200. Kwa hesabu ya dukani, kurasa 100 zinagharimu sarafu 30. Lakini printa ya wino, kila inapowashwa baada ya kukaa siku kadhaa, husafisha vitundu vya kutolea wino kwa kuusukuma wino nje, na wino huo huishia kwenye sponji iliyo ndani ya mashine bila kugusa karatasi. Mtu wetu akihesabu kwa uaminifu anapata kurasa 130. Gharama yake halisi imepanda kutoka sarafu 30 hadi 46, ingawa bei ya katriji haikubadilika hata kidogo.

Kuijua namba hiyo ya 130 si kazi ngumu. Printa nyingi zina kihesabio cha kurasa, na ukichapa ripoti ya hali ya mashine utakiona. Siku unapoweka katriji mpya, iandike namba ya kihesabio kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ukibandike ndani ya mfuniko. Katriji ikiisha, soma tena, toa namba ya kwanza kwenye ya pili, kisha punguza kurasa zilizoharibika, kwa sababu kihesabio hakijui kama ukurasa ulitoka na mistari ukatupwa.

Sasa twende kwenye wino wa kujazia. Chupa ya mililita 100 pamoja na bomba lake la sindano inauzwa sarafu 50, na kila ujazo huchukua karibu mililita 8. Tukiacha kiasi kinachomwagika, chupa moja inatosha mara 10, maana yake kila ujazo ni sarafu 5 tu. Kwa kurasa 120 kwa kila ujazo, hiyo ni sarafu 4 na ushee kwa kurasa 100, na hapo ndipo mtu hushangilia mapema. Kinachosahauliwa ni katriji yenyewe. Katriji nyingi ndogo zimebeba kichwa cha kuchapia, ambacho hurusha wino kwa kuuchemsha ndani ya vitundu vyembamba mno, na vitundu hivyo huungua vikichapa bila wino. Kwa hiyo uhai wa katriji ndio unaoamua gharama, na bei ya chupa hufuata nyuma kwa mbali.

Katriji ikivumilia kujazwa mara 5, itatoa kurasa 130 za mwanzo na 600 za kujazia, jumla 730, kwa sarafu 60 za katriji na 25 za wino. Hiyo ni chini kidogo ya sarafu 12 kwa kurasa 100. Ikifa baada ya ujazo wa kwanza, utakuwa umepata kurasa 250 kwa sarafu 65, yaani sarafu 26. Ni mtu yuleyule, ametumia chupa ileile, na gharama imezidi mara mbili.

Ndiyo maana unapaswa kujaza maandishi yanapoanza tu kufifia, kabla katriji haijakauka kabisa. Ingiza wino polepole ili hewa isinaswe ndani ya sponji ya katriji, na usimame wino unapochungulia kwenye tundu la kujazia. Kisha gusisha upande wa vitundu kwenye karatasi laini: ukiona ukanda mweusi uliokamilika, vitundu vinapitisha, na ukanda ukiwa na pengo lilelile kila unapogusisha, kuna vitundu vilivyoziba au kuungua. Pengo likibaki baada ya kusafisha mara mbili, acha, kwa maana kila usafishaji unaoongeza unakula wino uliotaka kuuokoa. Printa inaweza kuendelea kusema wino umeisha, kwa sababu yenyewe huhesabu matone yaliyotoka na haijui kwamba umejaza.

Tona ya leza ni unga mkavu wa plastiki, ambao huyeyushwa kwa joto ukashika kwenye karatasi. Haikauki na haina vitundu vya kusafisha, hivyo namba ya boksi huwa karibu zaidi na ukweli. Tona ya sarafu 180 yenye kurasa 1,500 ni sarafu 12 kwa kurasa 100. Katika mashine ambazo drumu yake, yaani silinda inayoushika unga na kuuhamishia kwenye karatasi, huuzwa peke yake, drumu ya sarafu 200 inayodumu kurasa 10,000 inaongeza sarafu 2, jumla 14. Kumbuka pia kwamba tona inayokuja ndani ya printa mpya mara nyingi imejazwa nusu tu.

Ikiwa printa ya leza inaizidi ya wino kwa sarafu 300, mtu wetu anaokoa sarafu 32 kwa kila kurasa 100 akilinganisha na katriji mpya, na tofauti hiyo inarudi baada ya kurasa 940 hivi, yaani ndani ya mwaka mmoja. Kwa anayejaza kwa mafanikio hairudi kamwe. Anayechapa kurasa 100 tu kwa mwaka hudhani leza haimhusu, lakini kwake katriji hukaa muda mrefu na kusafishwa mara nyingi. Akipata kurasa 60 kwa katriji moja, analipa sarafu 100 kwa kurasa 100, na tofauti ya bei ya mashine inarudi baada ya kurasa 350, katika mwaka wa nne.