Mserereko au Dizeli? Namba Moja Inayoamua Mradi wa Maji wa Kijiji

Kila yanapofika maandalizi ya bajeti hupokelewa malalamiko ya aina moja kutoka vijijini. Chemchemi iko mlimani, maji yangeshuka yenyewe kwa mserereko, lakini andiko la mradi linapendekeza kisima kirefu na pampu ya dizeli. Wengi huhitimisha hapohapo kwamba kuna mtu amekula. Tunawaomba wananchi wasianzie huko. Mara nyingi jibu limo katika namba moja iliyo kwenye sura ya uchambuzi wa gharama na faida, yaani kiwango cha punguzo la kijamii, na namba hiyo mwananchi ana haki ya kuiulizia.

Kiwango hicho si riba ya benki wala si mfumuko wa bei. Hili tumelieleza mara nyingi na bado linachanganywa. Ni kipimo cha uzito ambao jamii inaipa faida ya baadaye ikilinganishwa na ya leo. Kwa kiwango cha asilimia 12, shilingi 100 zitakazookolewa baada ya miaka 20 huhesabiwa leo kama shilingi 10 hivi. Kwa asilimia 6, shilingi 100 hizohizo huhesabiwa kama 31. Mradi wa mserereko hugharimu sana mwanzoni, kisha huokoa kidogokidogo kwa miaka mingi, hivyo kiwango kikubwa huuumiza kuliko mwingine wowote.

Tuchukue mfano wa kijiji chenye kaya 600, tukipiga hesabu ya miaka 20. Kisima na pampu ya dizeli vinajengwa kwa shilingi milioni 500, na uendeshaji wake, yaani mafuta, mwendesha mtambo, vipuri na akiba ya kubadilisha pampu, ni milioni 80 kwa mwaka. Mserereko unahitaji banio kwenye chemchemi, bomba kuu refu na tenki, jumla milioni 950, lakini uendeshaji ni milioni 30 tu. Kwa hiyo mserereko unadai nyongeza ya milioni 450 leo ili kuokoa milioni 50 kila mwaka.

Milioni 50 kwa miaka 20 ni bilioni moja, na hapo ndipo watu husema jambo liko wazi. Haliko wazi. Kwa asilimia 12 akiba hiyo yote ina thamani ya sasa ya milioni 373, pungufu ya ile 450, na dizeli inashinda. Kwa asilimia 6 ina thamani ya milioni 573, na mserereko unashinda. Mpaka kati ya matokeo hayo mawili uko karibu na asilimia 9.2. Kijiji ni kilekile na bomba ni lilelile.

Kiwango chenyewe hakitoki hewani. Njia inayotumika sana ina sehemu mbili zinazojumlishwa. Ya kwanza ni kiasi ambacho watu hupendelea kupata leo kuliko kesho. Ya pili ni kasi ya kukua kwa matumizi ya kila mtu, ikizidishwa kwa kipimo cha jinsi shilingi ya nyongeza inavyopungua thamani kwa aliyekwisha kuinuka kimaisha. Hazina ya Uingereza kwa njia hiyo ilifika asilimia 3.5 mwaka 2003: 1.5 kwa sehemu ya kwanza na 2 kwa ya pili. Benki ya Maendeleo ya Asia ilikuwa ikitumia asilimia 12 kwa miaka mingi, ikashusha hadi 9 mwaka 2017, na kuruhusu 6 kwa baadhi ya miradi ya huduma za jamii. Asilimia 12 ambayo bado inanakiliwa katika maandiko mengi ni mabaki ya mazoea ya zamani ya wafadhili, yaliyolenga zaidi uhaba wa mtaji kuliko ustawi wa kizazi kijacho. Kwa maoni yetu, mchambuzi anayeiweka bila kueleza sababu hajamaliza kazi yake.

Sasa faida. Bei ya ndoo kilulani si faida ya mradi. Ni fedha inayohama kutoka mfukoni mwa mtumiaji kwenda kwenye chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Faida kubwa ni muda unaookolewa. Ikiwa kila kaya inaokoa saa mbili kwa siku, kaya 600 zinaokoa saa 438,000 kwa mwaka. Saa hiyo haithaminiwi kwa ujira kamili, kwa sababu si kila saa iliyookolewa itageuka kibarua. Kawaida huchukuliwa nusu ya ujira wa kibarua asiye na ujuzi. Kibarua wa shilingi 5,000 kwa saa nane hulipwa 625 kwa saa, nusu yake 312.50, na jumla inakuwa kama milioni 137 kwa mwaka. Kwa muda peke yake, bila kuhesabu afya, asilimia 12 inaifanya miradi yote miwili ionekane hasara. Kwa asilimia 6 yote miwili ina faida kwa thamani ya sasa, baada ya kutoa ujenzi na uendeshaji: dizeli milioni 152, mserereko milioni 276.

Andiko hurudishwa zaidi kwa sababu ya bei kuliko kwa kitu kingine. Kiwango kinachoondoa mfumuko wa bei lazima kiende na bei zisizobadilika, za mwaka mmoja wa msingi. Mwandaaji akipandisha bei ya dizeli kwa asilimia 5 kila mwaka kwa ajili ya mfumuko, kisha akapunguza kwa asilimia 6, karibu amefuta punguzo lote upande wa gharama. Akitaka bei zinazopanda, basi faida nazo zipande, na kiwango kiwe asilimia 11.3, yaani 1.06 mara 1.05, toa 1. Kosa la pili ni kuacha kodi ndani. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye mabomba na tozo ya mafuta kwenye dizeli ni malipo yanayorudi serikalini, hayamalizi rasilimali ya taifa. Yaondolewe katika hesabu ya kiuchumi na yabaki katika hesabu ya kifedha. Andiko lenye makosa haya hurudi kwa mwandaaji likiwa na maelezo ya maandishi, hurekebishwa, hupitishwa upya ngazi zilezile. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na andiko lililochelewa kurudi husubiri mwaka unaofuata. Hakuna njia ya mkato, na barua za kuombewa haziharakishi chochote.

Anayetaka kukagua andiko la kijiji chake atafute jedwali la mtiririko wa gharama na faida. Safu ya mwaka sifuri inaonyesha ujenzi, zinazofuata uendeshaji. Aangalie kama kiwango kimejaribiwa juu na chini, na kama andiko linataja mpaka ambapo chaguo linageuka, kama ile 9.2. Aangalie pia mwaka wa 20: mabomba yaliyolazwa vizuri bado yatakuwa na maisha, na thamani hiyo iliyobaki inapaswa kuingizwa. Mara nyingi imesahauliwa.

Hata hivyo kiwango kidogo hakiokoi chemchemi iliyopimwa vibaya. Wingi wa maji ukipimwa wakati wa masika, mserereko utaonekana wa kutosha mwaka mzima. Chemchemi ikikauka miezi miwili tu kwa mwaka, ile milioni 137 inashuka hadi 114, na faida ya mserereko kwa asilimia 6 inaporomoka kutoka milioni 276 hadi 14. Hapo dizeli, kwa milioni 152 zake, inashinda kwa haki. Kwa hiyo kabla ya kubishana juu ya kiwango, tazama tarehe ya kipimo cha chemchemi: kipimo cha Aprili hakifai, kinachotakiwa ni cha mwisho wa kiangazi, kabla mvua za kwanza hazijanyesha.