Joto la ukuta wa tangi: dhana potofu kuhusu flaksi inayovuja na shanti za sumaku

Transfoma moja ya kilovolti 66 kwa 11, yenye uwezo wa MVA 23, inayohudumia mitaa ya makazi mashariki mwa Nairobi, ilirudi kutoka kwenye ukarabati ikiwa na rangi mpya. Baada ya miezi michache rangi hiyo ilianza kugeuka kahawia mahali pamoja tu, katikati ya kimo cha ukuta mrefu wa tangi, kwa umbo la wima kama mlango mwembamba. Nilipoitwa kuitazama nilikuta maelezo mengi yamekwisha kutolewa, na karibu yote yalikuwa ya makosa ambayo nimeyasikia pia kwingine. Nayapitia hapa kwa kuitumia transfoma hiyo kama mfano.

Dhana: Tangi limepata moto kwa sababu mafuta ni ya moto, au kwa sababu ya jua na mwinuko wa Nairobi.

Mafuta yenye joto huupasha ukuta mzima, juu zaidi na chini kidogo, kwa mpito wa taratibu. Hayawezi kuchagua kipande kimoja katikati na kuacha majirani zake. Mwinuko nao ni hoja ya kweli, lakini si hapa. Hewa nyepesi ya huku haipozi vizuri kama ile ya Mombasa, na kanuni ya IEC 60076-2 hupunguza kikomo cha kupanda kwa joto kwa nyuzi 1 kwa kila mita 400 juu ya mita 1,000 kwa transfoma inayopozwa na hewa bila feni. Kwa Nairobi hiyo ni nyuzi mbili hivi, na zinalihusu tangi lote kwa pamoja.

Jua linaweza kumdanganya mpimaji, hasa kwenye ukuta wa magharibi, na ndiyo maana tulipiga picha za kamera ya joto usiku. Kwa bahati njema, hapa jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na mzigo wa mitaa ya makazi hufikia kilele saa chache baadaye. Saa mbili usiku, mzigo ukiwa asilimia 80, doa lilisoma nyuzi 97 na ukuta wa jirani, kwa kimo kilekile, nyuzi 64. Saa tisa usiku wa manane, mzigo ukiwa umeshuka hadi asilimia 40, doa lilisoma nyuzi 51 na jirani 43. Tofauti ilikuwa 33 mara ya kwanza na 8 mara ya pili. Mkondo ulipopungua kwa nusu, tofauti ilipungua hadi karibu robo. Kitu kinachofuata mraba wa mkondo kwa namna hiyo hakitokani na jua, wala hakitokani na kiini, kile chuma kinachozungukwa na koili, kwa kuwa flaksi ya kiini, yaani mtiririko wa sumaku ndani yake, hufuata volti, na volti haikuwa imebadilika sana kati ya vipimo hivyo viwili.

Dhana: Flaksi inayovuja ni dalili ya transfoma iliyotengenezwa vibaya.

Hakuna transfoma isiyovujisha. Mkondo wa koili ya volti ya chini na ule wa koili ya volti ya juu husukumana kinyume, na katika nafasi iliyo kati ya koili hizo mbili hubaki flaksi ambayo haiziunganishi zote mbili. Hupanda ndani ya nafasi hiyo, na ikifika kwenye ncha za koili hutawanyika: sehemu hurudi kupitia kiini, sehemu hupita kwenye vyuma vinavyokibana kiini, na sehemu huenda hadi kwenye ukuta wa tangi na kurudi kupitia huko. Flaksi hiyohiyo ndiyo inayoipa transfoma impidansi yake, yaani upinzani wake dhidi ya mkondo. Transfoma yenye impidansi ya asilimia 12.5, kwa mfano, huwekea mkondo wa hitilafu kikomo cha mara nane ya mkondo wake wa kawaida, hata kama mtandao ulio nyuma yake una nguvu isiyo na mwisho. Mhandisi huipanga flaksi hii kwa makusudi, na kazi inayobaki ni kuiamulia njia ya kurudia.

Dhana: Ukuta ukipata moto, dawa ni bati nene zaidi.

Hili lilipendekezwa kwa dhati: kuchomelea bamba la milimita 8 juu ya doa. Nalieleza kwa kirefu kwa sababu linasikika kuwa la busara.

Flaksi inayobadilika mara 50 kwa sekunde ikiingia ndani ya chuma cha kawaida huzalisha humo mikondo inayojizungusha, na mikondo hiyo huipinga flaksi iliyoizaa. Matokeo yake ni kwamba flaksi haipenyi hadi upande wa pili. Kwa chuma cha tangi, kulingana na jinsi kinavyopitisha sumaku, kina cha kupenya ni milimita moja hadi mbili hivi. Ukuta wa milimita 10 tayari ni mnene mara kadhaa kuliko kina hicho, kwa hiyo hasara yote ya nishati inayogeuka joto inatokea kwenye ngozi ya ndani, ile inayogusana na mafuta. Ukiongeza milimita 8 kwa nje, unaongeza chuma mahali ambapo flaksi haifiki kabisa. Hasara itabaki ileile. Bamba jipya litasambaza joto kidogo pembeni, na hewa finyu itakayobaki kati ya mabati mawili itazuia upande wa nje usipoe.

Dhana: Hasara zinazozagaa ni ndogo, hivyo haziwezi kuunguza kitu.

Kwanza ni vyema kujua zinavyopimwa. Koili za upande mmoja hufungwa pamoja, upande mwingine hupewa volti ndogo inayotosha kupitisha mkondo kamili, na nguvu inayoliwa husomwa. Kisha ukinzani wa koili hupimwa kwa mkondo wa moja kwa moja, na hasara inayotokana na ukinzani huo hutolewa. Kinachobaki ni hasara zinazozagaa: ndani ya waya wenyewe, kwenye vibano na kwenye tangi.

Kwa transfoma yetu, kipimo kilichofanywa baada ya ukarabati kilisoma kilowati 112 kwa nyuzi 25, na ukinzani ulieleza kilowati 80. Zilizozagaa zilikuwa 32. Cheti cha kiwandani, kwa hesabu ileile, kilionyesha 27. Karakana ilikuwa imeilinganisha jumla tu, ikaona ongezeko la asilimia nne au tano, na kulipuuza.

Kuna kosa jingine la hesabu linaloificha tofauti hii, nalo ni kuihamisha jumla nzima kwenda nyuzi 75 kwa kizidisho kimoja. Shaba ikipata joto ukinzani wake huongezeka, na kwa hatua hiyo kizidisho ni 310/260, yaani 1.192. Hasara ya ukinzani huzidishwa kwa namba hiyo, lakini hasara zinazozagaa hugawanywa nayo, kwa kuwa ukinzani ukipanda mikondo inayojizungusha hudhoofika. Hivyo 80 inakuwa 95.4, na 32 inakuwa 26.8, jumla kilowati 122.2. Aliyezidisha zote pamoja angepata 133.5, na asingejua ni sehemu gani ya transfoma inayomlalamikia.

Sasa turudi kwenye zile kilowati 5 zilizoongezeka. Kwa mzigo wa asilimia 80 zinakuwa 3.2, maana zinafuata mraba wa mkondo. Zingetawanyika tangi zima hakuna ambaye angezihisi. Lakini doa lilikuwa na eneo la mita ya mraba moja hivi, na ukuta wa chuma wenye mafuta upande mmoja na hewa upande wa pili huondoa takriban wati 95 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja. Gawanya 3,200 kwa 95, unapata nyuzi 34. Kamera ilikuwa imesoma 33.

Dhana: Shanti ni ngao, na kipande chochote cha chuma kinafaa.

Tangi lilipofunguliwa tulikuta shanti kumi na moja mahali palipokuwa na mabano ya shanti kumi na nne. Tatu, zote za pamoja na zote nyuma ya doa, ziliondolewa wakati wa kusafisha kutu na hazikurudishwa. Aliyeziondoa alizidhania kuwa vipande vya kuimarisha ukuta.

Shanti haizibi flaksi. Huipa barabara rahisi zaidi kuliko ukuta. Ni fungu la mabati membamba ya chuma cha silikoni, cha aina ileile ya kiini, kila bati likiwa na unene wa robo ya milimita hivi na kutengwa na jirani yake kwa utando mwembamba. Flaksi hutoka kwenye ncha ya juu ya koili, huingia kwenye shanti, hushuka ndani yake na kurudi kwenye ncha ya chini. Kwa kuwa bati ni jembamba, mikondo inayojizungusha haipati nafasi ya kukua, na hasara inakuwa sehemu ndogo sana ya ile ambayo ukuta ungeibeba. Kipande kizima cha chuma cha kawaida kingehamisha tu ngozi ya moto kutoka ukutani kuja kwake.

Fundi wa karakana alipendekeza kukata shanti mpya fupi kidogo ili zipite kirahisi mdomoni mwa tangi. Nilikataa. Shanti lazima ipite ncha zote mbili za koili, la sivyo flaksi hutoka kwenye mwisho wake na kutua ukutani ikiwa imekusanyika, na doa moja linakuwa mawili, moja juu na moja chini. Mabati pia yanapaswa kuielekezea koili kingo zake, si nyuso zake pana, kwa kuwa uso mpana unaopigwa na flaksi moja kwa moja huwapa mikondo uwanja wa kuzunguka. Unene wa fungu nao una hesabu yake: chuma hiki hujaa karibu na tesla 2, na shanti iliyojaa huanza kuimwagia ukuta ziada, jambo ambalo hutokea kwanza wakati wa mzigo kupita kiasi. Mwisho, kila shanti iunganishwe na ardhi ya tangi na kubanwa imara. Inayoelea hutoa cheche ndogo ndani ya mafuta, na haidrojeni huanza kuongezeka kwenye sampuli.

Baada ya shanti tatu za kimo sahihi kurudishwa, tofauti kati ya lile doa na jirani yake kwa mzigo wa asilimia 80 ilikuwa nyuzi 5.

Dhana: Shanti zikiwapo, hakuna tena sehemu ya moto kwenye tangi.

Shanti za ukutani hushughulikia flaksi ya koili. Kifuniko kinachozunguka bushingi za kilovolti 11, yaani vihami vinavyopitisha mkondo kutoka ndani ya tangi kwenda nje, ambako kila moja hupitisha amperi 1,200 kwa mzigo kamili, hupashwa moto na mkondo wa bushingi yenyewe, na tiba yake ni kuweka kipande cha chuma cha pua kisichovutwa na sumaku kati ya bushingi hizo. Bolti za ukingo zinazowaka huwa zimekuwa daraja la mkondo kati ya kifuniko na tangi. Hizo huhitaji viunganishi vya shaba vya kuuvusha mkondo huo. Na vibano vya kiini, vilivyo ndani kabisa ya mafuta, havionekani kwa kamera yoyote. Shahidi wao ni gesi zilizoyeyuka kwenye mafuta: ethilini na methani zikipanda huku kaboni monoksaidi ikitulia, chuma kitupu kinachemka mahali fulani mbali na karatasi ya koili.