Maelezo ya sahihisho ni nini?

Maelezo ya sahihisho ni sentensi moja au mbili ambazo mwalimu huandika kando ya kosa, kumpa mwanafunzi kanuni aliyoikosa, ili safari nyingine alinase kosa hilo mwenyewe kabla daftari halijamfikia mwalimu.

Tuchukue mgeni anayejifunza Kiswahili hapa Malindi. Ametoka sokoni, kaandika: "Samaki hii imeoza." Mwalimu akikata na kuandika juu yake "huyu ameoza", sentensi imepona lakini mwanafunzi amejua habari ya samaki tu. Kesho ataandika "kuku hii imekufa" bila kuona kuwa ni kosa lile lile. Mwalimu akiandika "upatanisho wa ngeli!" pembeni, amelitaja kosa kwa jina lake, na mwanafunzi bado hajui afanye nini.

Wengi huandika: "Chenye uhai hufuata A-WA." Ni fupi na inakaa kichwani, ila inapotosha. Mnazi nao una uhai, na mwanafunzi mtiifu atakuletea "mnazi huyu ameanguka". Halafu samaki aliyeoza ana uhai gani? Kwa kanuni hiyo, aliyoandika mwanafunzi yalikuwa sawa, na aliyekosea ni mwalimu.

Mimi ningeandika hivi:

"Mtu, mnyama, ndege, samaki, mdudu: huyu/hawa, a-/wa-, hata akifa. Usitazame jina linaanzaje: kiboko huyu, vipepeo hawa."

Kuwataja kwa aina kunaiacha miti nje bila kuieleza. "Hata akifa" ndiyo inayojibu kosa la leo. Na ile "usitazame jina linaanzaje" inahitajika kwa sababu mwanafunzi huyu ameshazoea kiti hiki na viti hivi. Asipoonywa, kiboko atamfuatisha kiti.

Sikuandika "watu hawasemi hivyo". Akitembea mjini atasikia "samaki hii" ikisemwa, hasa na waliotoka bara, na hapo maelezo yote yatapoteza imani yake. Kilicho kweli ni kwamba katika Kiswahili sanifu haiandikwi hivyo.

Kanuni hii ina mpaka. Tunasema rafiki yangu na ndugu zangu, si rafiki wangu wala ndugu wangu kwa wengi. Inavutia kuliongeza hilo palepale, lakini mwanafunzi hakulikosea leo. Lisubiri siku atakapoandika "rafiki wangu", lipate maelezo yake. Kanuni mbili katika pembe moja ya ukurasa hugombana, na mara nyingi hukumbukwa nusu nusu.

Kujua kama maelezo yameshika, usimuulize tena habari ya samaki. Baada ya siku chache mpe ajaze sentensi yenye majina ambayo hayakuandikwa kwenye maelezo: "Vifaru ___ wamevunja vikapu ___." Akijaza "hivi" kwa vifaru, bado anatazama mwanzo wa jina. Akijaza "hawa" kote kuwili, kanuni ameishika ila ameivusha mpaka, na orodha ya aina inafaa irudiwe.