Kamusi haina mwandishi? Dhana potofu kuhusu kurejelea kamusi na ensaiklopidia

Katika rasimu za tasnifu ninazosoma, kosa moja hunirudia zaidi ya mengine: mwanafunzi ananukuu maana ya neno kutoka *Kamusi ya Kiswahili Sanifu*, kisha kwenye orodha ya marejeleo anaandika "Asiyejulikana (2004)". Ukimuuliza, atakwambia kuwa jaladani hakuna jina la mtu.

Dhana potofu: pasipo jina la mtu, hapana mwandishi.

Ukweli ni kwamba mwandishi anaweza kuwa taasisi. Toleo la 2004 la kamusi hiyo ni kazi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), na jina hilo ndilo linaloshika nafasi ya mwandishi. Vivyo hivyo *Kamusi Kuu ya Kiswahili* huingia chini ya Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA). Mtindo wa APA unaruhusu neno la kuonyesha mwandishi asiyejulikana pale tu ambapo kazi yenyewe imetiwa saini hivyo. Kama hakuna mtu wala taasisi, kinachosogea mbele ni kidahizo, yaani neno linalofafanuliwa, nacho hufuatwa na mwaka na jina la kamusi.

Tuseme unahitaji maana ya neno "paa". Kwa mtindo wa APA, marejeleo yatakuwa hivi, na baada ya toleo utaongeza ukurasa unaouona katika nakala yako:

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. (2004). Paa. Katika *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* (toleo la 2). Oxford University Press.

Ndani ya matini utaandika jina zima mara ya kwanza pamoja na kifupisho chake, na baada ya hapo (TUKI, 2004) inatosha. Orodha itapangwa kwa herufi T, si K. Usibadilishe TUKI kuwa TATAKI kwa sababu tu taasisi ilichukua jina hilo mwaka 2009. Kitabu cha 2004 kinabaki na jina kilichochapishiwa.

Dhana potofu: ukurasa unatosha, kidahizo si lazima.

Ukurasa mmoja wa kamusi huwa na vidahizo vingi, na hapo "paa" ni mfano mzuri wa kutatiza, kwa kuwa kuna paa la nyumba, paa mnyama wa porini, kupaa angani na kupaa samaki magamba. Kamusi huyatenga maneno ya namna hii kwa tarakimu ndogo zinazoandikwa kando ya kidahizo. Iandike tarakimu hiyo kama ilivyo katika nakala yako, na ikibidi taja pia kama ni nomino au kitenzi, la sivyo msomaji atafungua ukurasa na kukuta maana usiyoikusudia. Wanaofuata mtindo wa Chicago huweka kifupisho cha Kilatini s.v., maana yake "chini ya neno", kisha kidahizo.

Kidahizo pia si neno lolote ulilolikuta katika sentensi. Kama matini yako ina "walipaa", kidahizo ni "paa". Kama ina "mzuri", utakipata chini ya Z kikiwa na kistari, "-zuri", na ndivyo utakavyokirejelea. Mwanafunzi anayeandika "TUKI (2004), mzuri" anamtuma msomaji kwenye herufi M bure.

Dhana potofu: toleo ni lile lile, mwaka wowote utafaa.

Kamusi hiyo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, ikafuatiwa na toleo la 2004, kisha la 2013. Toleo jipya linaweza kuongeza vidahizo, kurekebisha fasili na kubadili tarakimu za maneno yanayofanana, kwa hiyo maana uliyoinakili kutoka kitabu cha 1981 haiwi ya 2004 kwa sababu tu mwaka huo unaonekana wa kisasa zaidi. Mtahini akilinganisha maneno kwa maneno, atakugundua mara moja. Toleo lisichanganywe na uchapaji wa marudio: ukurasa wa hakimiliki unaweza kuorodhesha miaka kadhaa ambayo kitabu kilipigwa chapa tena bila kubadilishwa neno, na mwaka unaotakiwa ni wa toleo.

Dhana potofu: makala za ensaiklopidia hazina waandishi.

Nyingi zinao, ila majina huwekwa mwishoni mwa makala, pengine kwa herufi za mwanzo tu. Katika *Encyclopaedia Britannica* ya 1911, herufi hizo hufafanuliwa katika orodha iliyo mwanzoni mwa juzuu. Ukimpata mwandishi, yeye ndiye anayetangulia, na kichwa cha makala hufuata. Kwa ensaiklopidia ya mtandaoni inayobadilishwa kila mara, ongeza tarehe uliyoisoma, kwa sababu kesho makala ile ile inaweza kusema jambo jingine.